Simu ya usaili haiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuupima wasifu wako kwa matangazo ya kazi

Ukurasa huu ni wa mtu aliyetuma maombi mengi ya kazi ya aina moja, anaamini sifa anazo, na bado haitwi. Mifano yote imechukuliwa kwenye kazi za hesabu Tanzania, yaani keshia, karani wa hesabu, mhasibu msaidizi na mhasibu, kwa sababu matangazo yake ni mengi na yanataja mambo yanayoweza kuhesabika. Wasifu ndiyo hiyo sivii unayoituma.

Nitajuaje kama tatizo ni wasifu na si kitu kingine?

Angalia mahali unapokwamia. Kama unaitwa kwenye usaili kisha hupati kazi, wasifu umeshafanya kazi yake, na shida iko kwenye mtihani wa mchujo, kwenye mahojiano au kwa wadhamini uliowataja. Ukurasa huu hautakusaidia sana hapo. Kama huitwi kabisa, hata kwenye kazi ambazo masharti yote ya lazima unayatimiza, hapo wasifu ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Kabla ya kuanza, ondoa sababu ndogo zinazoua maombi kimyakimya. Piga namba ya simu iliyo kwenye wasifu ukitumia simu ya mtu mwingine. Fungua faili ulilotuma ukiwa kwenye simu ya mtu mwingine pia, si kwenye kompyuta uliyoliandikia. Rudi kwenye barua pepe ulizotuma uone kama kiambatisho kilikwenda na kama zilitoka kabla ya siku ya mwisho. Haya yote hayazidi nusu saa.

Kuna pia sababu ambazo wasifu hauwezi kuzitatua: nafasi ilikuwa na mtu wake tayari ndani ya ofisi, au waombaji walikuwa wengi mno kwa nafasi moja. Ndiyo maana kimya cha tangazo moja hakithibitishi chochote, na ndiyo maana tunalinganisha na matangazo kadhaa.

Kwa nini nisichukue tangazo moja tu na kurekebisha wasifu ulingane nalo?

Kurekebisha kwa tangazo moja ni jambo jema unapotuma ombi, lakini si uchunguzi. Tangazo moja lina mambo ya mwajiri huyo peke yake. Kiwanda kinataka mtu wa kuhesabu stoo kwa sababu aliyeondoka ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, shirika linataka anayejua taratibu za mfadhili fulani, na duka linataka mtu anayeishi karibu. Ukilisoma peke yake huwezi kutenganisha kinachotakiwa na waajiri wote na kinachotakiwa na huyo mmoja.

Ukiweka matangazo saba ya kazi ileile pamoja, yale yanayojirudia yanajitokeza yenyewe. Hayo yanayojirudia ndiyo msomaji wa maombi anayatafuta kwa macho anapopitisha rundo, na ndiyo yanayopaswa kuonekana kwenye wasifu wako bila kutafutwa. Sita hadi nane yanatosha. Ukifika la saba na likaacha kukuletea sharti jipya, acha kukusanya.

Nichague matangazo yapi?

Anza na yale uliyokwisha kuyaomba na kunyamaziwa, maana hayo ndiyo yanayokudai jibu. Hata kama muda wake umepita, kwa uchunguzi yanafaa kabisa.

Yawe ya ngazi moja. Hapa watu wengi huharibu kazi nzima: wanachanganya tangazo la karani wa hesabu, la mhasibu mwandamizi na la mkaguzi wa ndani, kisha wanaona wasifu wao "una mapengo mengi". Mapengo hayo ni ya kuchanganya ngazi. Usiangalie jina la cheo tu, kwa sababu kampuni moja inaita mhasibu mtu ambaye kampuni nyingine inamwita karani. Angalia miaka ya uzoefu inayotakiwa, nani atakuwa chini ya mtu huyo, na kama anaandaa hesabu za mwisho au anaingiza tu miamala.

Na tafuta tangazo kamili, kutoka kwa mwajiri mwenyewe. Matangazo yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram mara nyingi yamekatwa. Utakuta sifa zipo lakini majukumu hayapo, au maelekezo ya kutuma yameondolewa, yale yanayosema vyeti viunganishwe kwenye faili moja au jina la nafasi liandikwe kwenye kichwa cha barua pepe. Mtu anayeomba kwa kufuata tangazo lililokatwa anaweza kutupwa nje kwa sharti ambalo hakuwahi kuliona.

Ninalinganishaje hasa?

Chukua karatasi kubwa au Excel. Safu ya kushoto andika sharti moja moja, na kila tangazo lipe safu yake. Vunja kila tangazo vipande vidogo: sentensi ya "awe na uzoefu wa kuandaa ritani za kodi na kufanya usuluhishi wa benki kwa kutumia Tally" ina masharti matatu, si moja. Ukilikuta sharti lilelile kwa maneno tofauti, liweke mstari mmoja. QuickBooks na Tally, kwa mfano, zinaweza kukaa mstari mmoja wa "programu ya hesabu", huku ukiandika pembeni ipi imetajwa wapi.

Soma sehemu ya majukumu kwa uzito uleule wa sehemu ya sifa. Sifa zinakuambia nani hataitwa, majukumu yanakuambia nani atapendelewa kati ya waliobaki. Na tofautisha "lazima awe na" na "itakuwa sifa ya ziada". Ya kwanza weka x, ya pili weka z. Kama unatumia Excel, na matangazo yako yako safu ya B hadi H, fomula hii inahesabu mara ngapi sharti limetajwa kama la lazima:

```
=COUNTIF(B2:H2,"x")
```

Panga mistari kuanzia iliyotajwa sana. Kisha chukua wasifu kama ulivyotumwa, si kama unavyoukumbuka, na kila sharti lipe moja ya alama tatu: inaonekana, ipo lakini haionekani, au haipo. Alama ya pili ina maana unaijua au umeifanya lakini mgeni akisoma wasifu hataiona. Kwa alama hii usijihukumu mwenyewe. Mpe wasifu ndugu au rafiki ambaye hajui kazi yako ya zamani, mwambie aoneshe kwa kidole mahali kila sharti lilipoandikwa. Asipoona ndani ya sekunde chache, halionekani.

Naomba mfano mmoja kamili.

Tuchukue mwombaji wa mfano. Ana shahada ya uhasibu na amefanya kazi miaka mitatu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Mwanza, lenye wafanyakazi 14, cheo chake kikiwa keshia. Anaomba nafasi za mhasibu msaidizi. Wasifu wake una kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni taarifa binafsi na shule kuanzia ya msingi. Uzoefu wa kazi uko ukurasa wa pili, na umeandikwa hivi: "Kupokea fedha, kushughulikia masuala ya uhasibu na majukumu mengine niliyopangiwa na mkuu wa kazi." Chini yake kuna "Ujuzi wa kompyuta: Microsoft Office."

Akakusanya matangazo saba. Mawili yalitaka uzoefu wa miaka mitano na usimamizi wa watu, akayatoa na kutafuta mengine mawili ya ngazi yake. Jedwali lilitoka hivi:

| Sharti | Matangazo (kati ya 7) | Kwenye wasifu |
|---|---|---|
| Shahada au stashahada ya uhasibu | 7 | inaonekana |
| Programu ya hesabu (Tally, QuickBooks) | 6 | ipo lakini haionekani |
| Ritani za VAT, PAYE na SDL | 6 | ipo lakini haionekani |
| Usuluhishi wa benki | 5 | ipo lakini haionekani |
| Excel | 5 | ipo lakini haionekani |
| Ripoti za mwisho wa mwezi | 4 | haipo |
| Kuandaa mishahara | 3 | ipo lakini haionekani |
| Mitihani ya NBAA | 3 | haipo |
| Ripoti kwa wafadhili | 1 | haipo |

Wengi wakiona jedwali hili macho yanakimbilia neno "haipo", wanajiambia kinachowakosesha kazi ni CPA. Tazama vizuri. Mitihani ya NBAA ilitajwa mara tatu, na kati ya hizo mara mbili ilikuwa sifa ya ziada. Ripoti za wafadhili zilitajwa na shirika moja tu, mstari huo unafutwa. Lakini ukiacha shahada, masharti matatu kati ya yaliyotajwa zaidi, yaani programu, kodi na benki, yote anayafanya kila mwezi na hakuna hata moja lililoandikwa. Mtu aliyesoma wasifu wake aliona keshia mwenye digrii. Hakuona mtu anayeandaa ritani.

Kwa hiyo utambuzi wa kesi hii ni huu: sifa zinatosha, maelezo ya kazi yamefichwa ndani ya neno "uhasibu". Dawa si kurudi darasani, ni kuandika upya aya moja.

Hiyo aya inaandikwaje?

Kila sharti linalojirudia lipate mstari wake, na mstari uoneshe kazi yenyewe, mara ngapi, kwa ukubwa gani. Mwombaji wetu angeandika:

"Niliandaa na kuwasilisha ritani ya VAT kila mwezi kabla ya tarehe 20, na PAYE na SDL kabla ya tarehe 7."

"Niliingiza mauzo na manunuzi ya kila siku kwenye Tally na kuyalinganisha na ripoti ya Z ya mashine ya EFD."

"Nilifanya usuluhishi wa akaunti mbili za benki kila mwisho wa mwezi na kufuatilia hundi na malipo ambayo hayajaonekana benki."

"Niliandaa mishahara ya wafanyakazi 14, pamoja na makato ya NSSF na PAYE."

Mtu anayejua kazi ya hesabu akisoma tarehe 20 na tarehe 7 anajua mwandishi ameshika ritani kwa mikono yake, kwa sababu hizo ndizo siku za mwisho za TRA kwa mwezi unaofuata. Akiona SDL kwenye kampuni ya watu 14 anaona inaelewana, maana kodi hiyo inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Undani wa namna hii unashawishi kuliko "mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", maneno ambayo karibu kila ombi linayo na kwa hiyo hayamtofautishi mtu yeyote.

Excel pia itoke kwenye "Microsoft Office". Andika unachofanya nayo: majedwali egemeo yaani pivot table, fomula ya VLOOKUP, kulinganisha orodha mbili za wadaiwa. Kama hujui hayo, usiandike. Ni siku chache za kujifunza, na mtihani wa vitendo wa Excel kwenye usaili wa kazi hizi ni wa kawaida.

Cheo changu hakifanani na ninachoomba. Naweza kukibadilisha?

Hapana. Mwajiri atapiga simu kazini kwako pa zamani, na barua ya ajira itasema "keshia". Cheo kibaki, lakini mstari unaofuata utaje kazi yenyewe: "Keshia, mwenye jukumu la ritani za kodi na mishahara." Huo ni ukweli, na msomaji anaona sababu ya kuendelea kusoma. Barua ya maombi nayo itaje jambo hilo kwenye aya ya kwanza, kwa sentensi moja, bila kuomba radhi.

Sharti ambalo kweli sina nifanyeje nalo?

Angalia limetajwa mara ngapi na kwa neno gani. Kama ni la lazima kwenye matangazo mengi ya ngazi yako, una njia mbili tu: ulipate, au uombe ngazi ya chini yake hadi ulipate. Kutuma maombi mengine ishirini hakutalibadilisha.

Kama liko mbioni, lisemwe lilipo. Mtu aliyefaulu baadhi ya masomo ya ngazi ya kati ya NBAA aandike ngazi aliyopo na masomo aliyobakiza. Asiandike "CPA" kwa matumaini. CPA(T) ni sifa inayothibitishwa na bodi, na kuigundua si kweli ni simu moja tu.

Kwa "ripoti za mwisho wa mwezi", mwombaji wetu alikuwa akikusanya nyaraka zote na kumpelekea mhasibu wa nje aliyefunga hesabu. Hilo lina thamani yake, na linaandikwa kama lilivyo: "Nilikusanya na kupanga nyaraka za kila mwezi kwa ajili ya mhasibu wa nje kufunga hesabu." Akidai alifunga hesabu mwenyewe, swali la kwanza kuhusu uchakavu wa mali au mapato yaliyolipwa mapema litamuumbua mbele ya jopo.

Wanataka miaka mitatu, mimi nina miwili. Niombe?

Sekta binafsi, kama majukumu mengi unayafanya tayari, omba. Tangazo lenye "angalau miaka mitano" ukiwa na miaka miwili, liache, hasa kama jedwali lako linaonesha majukumu ya kusimamia watu. Na hakikisha miezi imeandikwa. "2022–2023" inaweza kuwa miezi miwili au ishirini na minne, na anayechuja hana wajibu wa kukuhesabia ile mirefu. Andika "Januari 2022 – Novemba 2023".

Je, ninakili maneno ya tangazo kama yalivyo?

Jina la kitu, ndiyo. Aya nzima, hapana. Kama matangazo sita yanasema "usuluhishi wa benki" na wewe umeandika "kuoanisha mahesabu ya akaunti", tumia jina lao, kwa sababu afisa rasilimali watu anayechuja mara nyingi si mhasibu. Anatafuta neno aliloambiwa na idara ya fedha alitafute. Tangazo likiwa la Kiingereza, kama yalivyo mengi ya kampuni binafsi na mashirika, wasifu nao uwe wa Kiingereza na majina ya kazi yawe yale ya tangazo.

Lakini majukumu ya tangazo yakibandikwa mazima chini ya kazi yako ya zamani, yanajulikana mara moja. Aliyeliandika tangazo ndiye anayesoma, na hawezi kusahau sentensi zake.

Kuna mashine inayosoma wasifu kabla ya mtu?

Kwa waajiri wakubwa wanaopokea maombi kupitia tovuti zao, mfumo hutoa maandishi kwenye faili na kuyapanga, na mara nyingi huuliza maswali ya mchujo kwenye fomu: una miaka mingapi ya uzoefu, una cheti fulani au huna. Jibu la "hapana" kwenye swali la lazima linaweza kukuondoa kabla faili halijafunguliwa. Kwa hiyo unapolinganisha, piga picha ya skrini ya maswali ya fomu na uyaweke kwenye jedwali kama masharti. Kampuni ndogo zinazosema tuma kwa barua pepe, msomaji ni mtu.

Kuna jaribio dogo linalofaa kwa hali zote mbili. Fungua PDF yako, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, na ubandike kwenye Notepad. Kama maandishi yametoka kwa mpangilio unaosomeka, ni salama. Kama hakuna kilichobandikwa, wasifu wako ni picha, pengine uliuskani baada ya kuuchapa. Kama tarehe zimetengana na kazi zake na safu mbili zimechanganyikana, kiolezo ulichotumia kina majedwali na visanduku ambavyo mfumo unaweza kuvisoma ovyo. Rudi kwenye safu moja.

Nimeomba serikalini kupitia Ajira Portal. Njia hii inafaa?

Inafaa kwa sehemu, kwa sababu serikalini mchujo unafuata sifa za nafasi kama zilivyotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Hakuna sana kupendelewa kwa maelezo mazuri ya uzoefu. Unakidhi au hukidhi. Kinachopaswa kulinganishwa hapo ni stashahada au shahada yenyewe kwa jina lake, taarifa ulizojaza kwenye akaunti, na nyaraka ulizopakia.

Chukua matangazo matatu au manne ya kada yako na usome sehemu ya masharti ya jumla, ile ambayo wengi huiruka. Hurudiarudia mambo yaleyale: umri usiozidi miaka 45, wasifu wa kina wenye anwani na namba za simu na wadhamini watatu, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya taaluma vilivyothibitishwa, na kwamba hati za matokeo za muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na sita hazikubaliki. Waliosoma nje ya nchi wanatakiwa vyeti vyao vihakikiwe na mamlaka husika, TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa sekondari. Weka kila moja ya hizo kwenye jedwali na ufungue faili ulilopakia ulione kwa macho. Huko utakuta mtu aliyepakia hati ya matokeo mahali pa cheti, au majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne bila hati ya kisheria ya kuyaunganisha. Kurekebisha sentensi za wasifu hakuwezi kuliponya tatizo la aina hiyo.

Kuna vitu vya kuondoa?

Vipo, na vinapatikana kwa kulinganisha kwa upande wa pili. Pitia kila mstari wa wasifu na ujiulize ni tangazo gani kati ya saba linajibiwa na mstari huo. Mstari usiojibu hata moja unatoka au unashuka chini. Kwa mwombaji wetu zilitoka shule ya msingi, dini, hali ya ndoa, semina ya ujasiriamali na "kusoma na kusafiri". Uzoefu ukapanda ukurasa wa kwanza, kurasa tatu zikawa mbili. Cheti cha kidato cha nne kibaki, maana waajiri wengi bado wanakiuliza.

Kuna mstari mmoja unaodhuru zaidi kuliko unavyodhaniwa: lengo la kazi linalotaja nafasi nyingine. Mtu anaomba uhasibu huku juu kabisa pameandikwa "natafuta nafasi ya afisa masoko", kwa sababu aliunakili kutoka ombi la awali.

Nimemaliza chuo sasa hivi, sina kazi ya kulinganisha.

Una fildi. Wengi wanaiandika kwa mstari mmoja, jina la ofisi na tarehe, kana kwamba walikwenda kutembea. Fungua ripoti yako ya mafunzo kwa vitendo, ile uliyowasilisha chuoni, na uichukulie kama kazi: uliandika hati za malipo, ulipanga risiti, uliona usuluhishi wa benki ukifanyika au uliufanya? Tumia kitenzi cha ukweli, "nilisaidia kuandaa" kama ulisaidia. Halafu linganisha na matangazo ya ngazi ya kuanzia na ya mafunzo kazini tu. Ukijilinganisha na matangazo ya miaka mitatu utaona "haipo" kila mahali, na hutajifunza chochote.

Nitajuaje kama marekebisho yamesaidia?

Weka rekodi: tarehe, nafasi, masharti ya lazima mangapi unayatimiza, toleo lipi la wasifu ulilotuma, na jibu. Usibadilishe kila kitu kila wiki. Tuma toleo jipya kwa maombi kama kumi ya ngazi ileile kabla ya kuligusa tena, kwa sababu simu moja au mbili zinaweza kuwa bahati. Maombi ya serikalini yaandike mahali pake tofauti, majibu yake yanaweza kuchukua miezi.

Kama toleo jipya nalo limenyamaziwa na mgeni anayasoma masharti yote bila kutafuta, rudi kwenye uchaguzi wa nafasi. Hesabu ni maombi mangapi kati ya hayo kumi ulitimiza *yote* ya lazima. Mara nyingi hapo ndipo jibu linapotokea: matatu tu, na saba yalikuwa ya ngazi ya juu au ya sekta isiyo yako.

Niko Kenya. Kuna tofauti?

Jedwali ni lilelile, masharti yanabadilika. Mahali pa NBAA utakuta KASNEB na ngazi zake za CPA, mahali pa TRA utakuta KRA na mfumo wa iTax, na matangazo hutaja alama ya KCSE. Kazi za umma zina mstari wake wa nyaraka za Sura ya Sita ya Katiba: cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, uthibitisho wa KRA, HELB na EACC, na ripoti ya ofisi ya taarifa za mikopo. Soma kama tangazo linazitaka wakati wa kuomba au baada ya kuchaguliwa, maana zote zina muda wake na nyingine zinalipiwa.